Samani kwa nafasi ya bango, hakuna shilingi iliyotoka: pande zote mbili naziandikaje? (Tabora)

KaraniWaIsevya

Habari za muda huu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua hesabu. Wale wa "nenda kasome" wapite kimya kimya.

Natunza vitabu vya biashara ndogo ndogo hapa Tabora mjini. Wateja wangu wawili wamefanya biashara wao kwa wao. Mmoja ana karakana ya samani: meza, makabati, vitanda, mbao za mninga na mkora. Mwingine ana mabango ya matangazo, machache tu, na moja liko barabara ya kuelekea stesheni. Huyu wa mabango alihamia ofisi mpya, hana hata pa kuweka mafaili. Wa samani naye alikuwa anatafuta namna ya kujulikana. Wakakaa, wakakubaliana: nipe samani, nikupe upande mmoja wa bango miezi sita.

Samani zilizotoka ni meza mbili za ofisi ambazo huwa anauza 350,000 kila moja, viti sita vya 90,000 kila kimoja, na kabati la mafaili la 560,000. Jumla 1,800,000. Bango kwenye karatasi ya bei limeandikwa 400,000 kwa mwezi. Samani zilifika tarehe 1 Machi, na tangazo likapanda siku hiyo hiyo.

Nilipoomba risiti, kila mmoja alinipa jibu la mwenzake: "Sisi tumeshamalizana, hapo hakuna cha kuandika."

Sasa nimefunga Machi hadi Mei za karakana. Mauzo ya taslimu 6,000,000. Gharama za kutengeneza, yaani mbao, vanishi, sponji na malipo ya mafundi, 4,700,000. Karakana hii kwa kawaida ikiuza shilingi 100 inabaki na 40 kabla ya kodi ya banda na umeme. Safari hii imebaki na 22 hivi. Bosi ameanza kumtazama vibaya fundi mmoja kijana, anasema mbao zinatoka usiku. Mimi nahisi mbao ziko kwenye ofisi ya mwenye mabango zimekaliwa, ila sijui niliweke vipi kwenye vitabu ili lieleweke.

Kijana wa Kanyenye

Dada, hivyo viti vya 90,000 vina mikono? Karakana iko upande gani? Nina ofisi Ipuli natafuta kama vinne.

KaraniWaIsevya

Kaka, nitakuelekeza pembeni. Hapa naomba tuzungumze vitabu.

Mtaji Mdogo

Bosi wako yuko sahihi. Hesabu ni pesa. Pesa haikuingia, haikutoka, unaandika nini? Amempa 1,800,000, amepewa tangazo la 1,800,000, ukitoa moja kwa nyingine unapata sifuri. Ukianza kuandika mauzo ambayo hayana pesa unamtengenezea mwenzako kodi bure. Acha maisha yaende.

Mzee wa Leja

Mtaji Mdogo, kwenye daftari la fedha uko sahihi kabisa, pale hakuna kitu cha kuandika na asijaribu kukitafuta. Lakini daftari la fedha ni moja tu kati ya vitabu vyake. Na mwenye swali ametuwekea mezani ushahidi wa kinachotokea ukisema ni sifuri: fundi anakaribia kuitwa mwizi.

Tuanzie hapo maana ndiyo inayoumiza mtu. Binti yangu, zile samani ziligharimu kiasi gani kuzitengeneza? Usiniambie bei ya kuuzia, nataka gharama.

KaraniWaIsevya

Shikamoo mzee. Bosi ana kadi ya kazi kwa kila oda kubwa. Mbao, sponji, vitasa na malipo ya mafundi kwa zile samani zote ni 1,100,000.

Mzee wa Leja

Marahaba. Basi toa hiyo 1,100,000 kwenye gharama zako za 4,700,000. Inabaki 3,600,000. Kwa mauzo ya 6,000,000 faida ni 2,400,000, ambayo ni 40 kwa 100 kama siku zote. Hakuna ubao uliotembea usiku.

Tatizo ni kwamba mbao zimeandikwa zimetoka na mauzo yake hayajaandikwa. Ukirudisha mauzo ya 1,800,000, mauzo yote yanakuwa 7,800,000, gharama 4,700,000, faida 3,100,000. Gawanya mwenyewe, utapata karibu 40 tena. Mpe bosi karatasi hiyo leo kabla hajamfukuza mtoto wa watu, mambo mengine yote yanaweza kusubiri kesho.

Halafu mwambie jambo la pili, maana najua anajisifu kapata tangazo la bure. Limemgharimu 1,100,000 taslimu, pesa iliyotoka mfukoni kwenda kwa muuza mbao na kwa mafundi.

KaraniWaIsevya

Mzee, nimeisoma mara mbili. Asante sana. Nitamwonyesha leo jioni.

Sasa bei. Nikiandika 1,800,000 kwa karakana, kwa mwenye mabango niandike ngapi? Karatasi yake inasema 400,000 kwa mwezi, miezi sita ni 2,400,000. Yeye anajiona kama kampunguzia mwenzake 600,000.

Hesabu na Haki

Hapo ni rahisi. Kila mmoja anaandika bei yake. Mwenye mabango anaandika mapato 2,400,000 maana ndiyo bei yake rasmi, anaandika samani 1,800,000, na ile 600,000 inaingia kwenye gharama kama punguzo alilompa mteja. Nimesoma uhasibu ngazi ya cheti, tulifundishwa kwamba mauzo yaandikwe kwa bei kamili.

Mzee wa Leja

Umepatia kwamba kila upande una kitabu chake na hakuna anayemwandikia mwenzake. Ila hiyo bei rasmi ina nani anayeilipa? Karatasi ya bei ya mabango kila mtu anaijua, inaandikwa ili ipate kupunguzwa. Karani, tazama risiti za mwaka uliopita: wateja waliolipa taslimu bango hilo au linalofanana nalo walilipa ngapi kwa mwezi?

KaraniWaIsevya

Nimetazama. Duka la dawa lililipa 300,000 kwa mwezi. Wakala wa soda alilipa 300,000. Shule moja binafsi ililipa 280,000, lakini ilichukua mwaka mzima. Hakuna aliyelipa 400,000.

Mzee wa Leja

Basi bei ya bango ni 300,000. Hiyo 400,000 ni mahali pa kuanzia mazungumzo tu. Miezi sita mara 300,000 ni 1,800,000, sawasawa na samani. Wale mabosi wawili wanajua biashara kuliko wanavyokubali, walipokaa pale kila mmoja alikuwa na bei ya kweli kichwani.

Utaratibu ninaoufuata mimi ni huu: unapima ulichopokea kwa bei ambayo mtu baki angekilipia taslimu. Mwenye mabango kapokea samani, samani zinauzwa kila wiki kwa bei inayojulikana, anaandika 1,800,000. Mwenye samani kapokea nafasi ya bango, na kuna wateja watatu wa taslimu wa kuthibitisha, naye anaandika 1,800,000. Ingekuwa bango halijawahi kulipiwa taslimu na mtu, basi mwenye samani angerudi kwenye bei ya samani zake mwenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoshikika.

Ukimruhusu aandike 2,400,000 utaona mapato yamevimba, yanafuatwa na punguzo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulipa bila kulipata. Siku akienda benki kuomba mkopo, ofisa akilinganisha mapato hayo na pesa iliyopita kwenye akaunti, mazungumzo yanaishia hapo.

Mama Mwanga

Nawasalimu kutoka Kigoma. Mimi nina nyumba ya wageni hapa Mwanga, nimecheka niliposoma uzi huu maana yamenikuta. Niliwapa watu wa redio moja vyumba vya kulala wageni wao, wakanipa matangazo. Vyumba vililaliwa vyote, tena msimu ambao nina wateja wa meli. Matangazo nikaja kugundua yanarushwa saa nane usiku. Nani ananunua chumba saa nane usiku? Nilipolalamika wakanionyesha mkataba umeandika idadi ya matangazo, haujaandika saa.

Kwa hiyo mnaposema 1,800,000 kwa 1,800,000, hakikisheni ni bango lile lile, upande ule ule ambao magari yanauona.

Mzee wa Leja

Mama, hilo lina uzito hata kwenye vitabu. Tangazo la saa nane usiku halina bei ya tangazo la saa moja jioni, kwa hiyo ulichopokea kilikuwa na thamani ndogo kuliko ulichotoa, na vitabu vyako vilipaswa kuonyesha hivyo. Kwa bango ni upande. Upande unaotazama magari yanayoingia mjini na ule unaotazama ukuta wa jirani havilipiwi sawa. Karani, ulizia ni upande upi.

KaraniWaIsevya

Ni upande mzuri, nimepita mwenyewe. Ila kuna jambo nililisahau. Tarehe 11 Aprili upepo wa mvua ulilichana turubai la tangazo, bango likabaki fremu tupu mpaka tarehe 25. Wamekubaliana kwa mdomo kwamba zile wiki mbili zitaongezwa mwishoni, tangazo litashuka katikati ya Septemba badala ya mwisho wa Agosti. Turubai jipya mwenye samani kalilipia mwenyewe taslimu kwa mchapaji, kama alivyolipia la kwanza.

Mzee wa Leja

Vizuri umelitaja, maana hapa ndipo watu wengi wanapokwama hata wakikubali kuandika. Samani zilihama siku moja. Tangazo linahama kidogo kidogo kwa miezi sita. Kwa hiyo siku ya kwanza wale wawili hawakuwa wamemalizana hata kidogo. Mwenye mabango alibaki na deni, na mwenye samani akabaki anadai.

Fungua vitabu hivi. Turubai usilichanganye humu, lile ni gharama ya taslimu ya mwenye samani.

Kitabu cha mwenye mabango, 1 Machi:

Debiti: Samani za Ofisi 1,800,000
Krediti: Deni la Tangazo 1,800,000

Utaona siku hiyo hakuna mapato hata shilingi. Bado hajafanya kazi. Mwisho wa kila mwezi ambao tangazo lilikaa juu:

Debiti: Deni la Tangazo 300,000
Krediti: Mapato ya Mabango 300,000

Aprili ni nusu mwezi tu, andika 150,000. Fremu tupu haileti mapato, hata kama kodi ya kiwanja imelipwa.

Kitabu cha karakana, 1 Machi, ni maingizo mawili:

Debiti: Tangazo Lililolipiwa Kabla 1,800,000
Krediti: Mauzo ya Samani 1,800,000

Debiti: Gharama ya Bidhaa Zilizouzwa 1,100,000
Krediti: Samani Zilizokamilika 1,100,000

Hilo la pili kama mbao na ufundi ulishaziingiza kwenye gharama moja kwa moja usiliandike tena, na inaonekana ndivyo ulivyofanya kwa kuwa ile 1,100,000 tayari imo kwenye 4,700,000. Halafu kila mwezi:

Debiti: Gharama ya Matangazo 300,000
Krediti: Tangazo Lililolipiwa Kabla 300,000

Na Aprili 150,000.

Sasa jipime. Machi 300,000, Aprili 150,000, Mei 300,000, jumla 750,000. Kwa mwenye mabango deni limebaki 1,050,000. Kwa karakana kilicholipiwa kabla kimebaki 1,050,000. Hesabu miezi iliyobaki kwenye kalenda: Juni, Julai, Agosti na nusu ya Septemba, mitatu na nusu mara 300,000. Ni 1,050,000. Wewe una bahati ya kushika vitabu vyote viwili, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi namba hizi mbili lazima zifanane, na zote zifanane na kalenda. Zikitofautiana, kuna mmoja kasahau fremu tupu.

Hesabu na Haki

Mzee, kwa nini usipitishe kwenye pesa tu? Mwenye samani atume 1,800,000 kwa simu, mwenye mabango airudishe dakika hiyo hiyo. Kila mmoja anakuwa na ushahidi wa malipo na risiti inatoka bila maswali.

Mzee wa Leja

Wapo wanaofanya hivyo. Makato ya kutuma kwenda na kurudi ni pesa halisi imeondoka kwa ajili ya kupendezesha karatasi. Na taarifa ya fedha itaonyesha mauzo ya taslimu ambayo hayakuwapo. Mwenye mabango akijitazama ataona aliingiza 1,800,000 mwezi Machi, atajiuliza mbona alishindwa kulipa ada ya bango.

Ushahidi anaouhitaji ni karatasi tatu. Makubaliano ya ukurasa mmoja yenye orodha ya samani na bei zake, na upande wa bango, tarehe na bei ya mwezi. Hati ya kupokea samani iliyosainiwa. Na picha ya bango kila mwezi ikionyesha tarehe, mtu anapiga kwa simu tu. Ile ahadi ya wiki mbili waliyoisema kwa mdomo iandikwe chini ya makubaliano, wote wasaini.

Mtaji Mdogo

Sawa, vitabu nimekubali, hilo la fundi limenigusa. Lakini kodi bado nasimama pale pale. TRA hawawezi kutoza meza.

Mzee wa Leja

Wanatoza mauzo, na meza iliyotoka kwa malipo ya tangazo ni mauzo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inayapima malipo ya kitu kwa bei ya soko, na sheria ya VAT inafanya vivyo hivyo. Kila mmoja wa hawa alipaswa kumpa mwenzake risiti ya EFD ya 1,800,000.

Tena anayeumia zaidi ni mdogo. Mfanyabiashara binafsi aliye kwenye kodi ya makadirio anapimwa kwa mauzo ya mwaka, hapimwi kwa faida. Hiyo 1,800,000 inaongeza mauzo yake, kodi inaongezeka, na kodi hailipwi kwa viti. Ndiyo maana ukiniuliza mimi, kabla mtu hajakubali mabadilishano aulize kwanza pesa ya kodi ya biashara hiyo itatoka kwenye mauzo gani mengine.

Mama Mwanga

Na VAT je? Mimi nimesajiliwa. Wale wa redio nao wamesajiliwa. Walitaka tuseme zinafutana.

Mzee wa Leja

Mama, kwenu wawili mliosajiliwa, wewe unamtoza kwenye vyumba, yeye anakutoza kwenye matangazo, kila mmoja anadai alichotozwa ikiwa ana risiti sahihi. Mwisho wake inaweza kukaribia kufutana, lakini kila mmoja awe ameandika pande zote kwenye ritani yake. Mkiinyamazia mmekosa wote wawili.

Kigumu ni pale mmoja kasajiliwa na mwingine hajasajiliwa. Tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kusajiliwa ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo wengi wa saizi hii hawamo. Karani, wako vipi wateja wako?

KaraniWaIsevya

Hakuna aliyesajiliwa VAT, wote wako chini sana. Mashine za EFD wanazo.

Mzee wa Leja

Basi umepona. Mwenye mabango angekuwa amesajiliwa, ile 1,800,000 kama hawakusema kitu ingehesabiwa ina VAT ndani, na asilimia 18 iliyo ndani yake ni 274,576. Angetakiwa kuilipa taslimu, na mapato yake halisi yangebaki 1,525,424. Mwenye samani asiyesajiliwa hana cha kudai. Watu wanagundua hilo wakati wa kujaza ritani, samani zimeshakaliwa.

Jambo moja la kukutahadharisha: risiti ya EFD ya mwenye mabango inatoka kwa 1,800,000 yote, kwa sababu malipo kayapokea yote, wakati vitabu vyako vinaonyesha mapato ya 750,000 hadi Mei. Ripoti ya Z ya mashine ya EFD na leja hazitafanana. Weka karatasi ya kuoanisha kwenye faili, tofauti ni 1,050,000, ile ile ya Deni la Tangazo. Usipoiweka leo, mwakani utakuwa umeshasahau inatoka wapi.

Hesabu na Haki

Na kodi ya zuio? Huduma kwa mkazi ni asilimia 5. Tangazo ni huduma. Je, mwenye samani alipaswa kuzuia 90,000 na kuipeleka TRA?

Mzee wa Leja

Swali zuri kuliko yote uliyoleta leo. Kuzuia kutoka wapi, wakati hakuna pesa ya kukata? Kama ni kampuni mbili, msimamo wangu ni kwamba anayelazimika kuzuia analazimika hata akilipa kwa viti. Kwa mfanyabiashara binafsi wa makadirio, nimesikia mabishano pande zote. Karani, liulize kwa maandishi kwenye ofisi ya TRA hapo mjini na utunze jibu, usichukue la kwangu.

Mninga Asilia

Mimi ni seremala, niko Urambo. Naona mnaongelea mwenye mabango kuandika samani 1,800,000. Je, anazipunguza thamani? Maana mimi meza yangu ya mninga inakaa miaka thelathini, mnaishushaje?

Mzee wa Leja

Meza yako nakuamini, ila anaipunguza kama angeinunua taslimu. Kwa kodi, samani za ofisi ziko kwenye daraja la 3, asilimia 12.5 ya salio kila mwaka. Kwa 1,800,000 mwaka wa kwanza ni 225,000. Sasa angeandika sifuri kama Mtaji Mdogo alivyotaka, angekosa haki ya kuipunguza hiyo, maana huwezi kupunguza thamani ya kitu ambacho kwenye vitabu hakipo. Hilo halisemwi na wanaokimbia risiti.

Hii inamhusu tu kama anapeleka hesabu kamili. Kama yuko kwenye makadirio, kupunguza thamani hakumpunguzii kodi, kunamsaidia kujua faida yake tu.

Kijana wa Kanyenye

Samahanini wazee, hivi mimi nikimpa huyo wa samani laini za mitandao ya ofisini nimfungie intaneti, anipe vile viti vinne, nako ni hivi hivi?

KaraniWaIsevya

Kaka Kanyenye, ni hivi hivi kabisa, na risiti nitakudai mimi mwenyewe.

Wakuu, nimerudi na habari. Bosi wa karakana nilimwekea ile karatasi, mauzo 7,800,000, gharama 4,700,000. Aliitazama muda mrefu, akauliza tu "kwa hiyo kijana hajachukua?" Nikamwambia hajachukua. Nikamwonyesha na chini yake: kutoka faida hiyo atoe 750,000 ya tangazo lililokwisha kutumika, na kwamba bado ana tangazo la 1,050,000 analodai. Hapo akaamka. Hakuwa anajua kama anadai kitu.

Risiti amekubali kuitoa. Wa mabango bado anagoma, anasema akitoa ya 1,800,000 kwa mkupuo atavuka mahali asipotaka kuvuka kwenye makadirio ya mwaka huu.

Mtaji Mdogo

Si nilisema.

Mzee wa Leja

Kuvuka kwake hakutokani na risiti, kunatokana na biashara aliyofanya. Akigoma, mwenye samani hana uthibitisho wa gharama ya tangazo, na wewe karani una risiti ya upande mmoja inayotaja jina la upande wa pili. Mkaguzi akiishika ya kwanza ataifuata ya pili. Mweleze hivyo, usimtishe.

Na nikuulize bila kukuudhi: wewe unashika vitabu vya wote wawili. Wanajua? Leo namba zinafanana. Siku wakigombana kuhusu fremu tupu, kila mmoja atataka namba yake.

KaraniWaIsevya

Wanajua mzee, na wa mabango ndiye aliyenipeleka kwa wa samani. Ila umesema kweli, nitaliweka kwa maandishi na kila mmoja.

Swali la mwisho. Bosi wa karakana baada ya kugundua ana mali, sasa anataka kuiuza. Kuna mwenye duka la magodoro yuko tayari kumpa 500,000 taslimu kwa miezi miwili, yaani kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Septemba. Inaruhusiwa?

Mzee wa Leja

Kwenye vitabu inawezekana. Miezi miwili hiyo imeandikwa 600,000. Akipokea 500,000, unaandika fedha 500,000, hasara 100,000, na unafuta 600,000 kwenye Tangazo Lililolipiwa Kabla. Kwa mwenye mabango hakuna kinachobadilika, deni lake linaendelea kupungua kwa 300,000 kila mwezi, ila sasa anamtumikia mwenye magodoro.

Kama inaruhusiwa, hilo linategemea walichoandikiana.

KaraniWaIsevya

Hawakuandikiana kitu. Na wa mabango kasikia, anasema mwenye magodoro alikuwa mteja anayemfuatilia yeye mwenyewe kwa 300,000 kwa mwezi.

Mama Mwanga

Hapo sasa mmefika kwenye redio yangu.

KaraniWaIsevya

Wanakutana Jumamosi ofisini kwa mwenye mabango. Nimeandaa ukurasa mmoja wa makubaliano, ndani nimeweka orodha ya samani, upande wa bango, wiki mbili za Aprili, na mstari mtupu wa nani anaruhusiwa kutumia nafasi hiyo. Huo mstari watajaza wenyewe.